Mita inasoma 12.8, lakini betri imebeba nini?

*Nimepata mtu anauza inveta ya KVA 5 na betri 4 zisizoongezwa maji, kila moja volti 12 na Ah 200, zimeungwa mfululizo kupata volti 48. Alizipima kwa mita mbele yangu, zote zikasoma 12.8. Anasema fundi wake amezihuisha, ni kama mpya. Nikague nini zaidi kabla sijatoa hela?*

Ndugu yangu, hiyo 12.8 isikupumbaze. Inakuambia betri imejaa, haikuambii imebeba umeme kiasi gani. Betri ya risasi iliyochoka hufanyika salfeti ngumu juu ya bamba zake, na sehemu hiyo haifanyi kazi tena. Ni kama tangi lililojaa tope: maji yatafika ukingoni, lakini ni ndoo chache tu. Betri ya Ah 200 iliyobaki na Ah 50 husoma 12.8 vilevile ikitoka kwenye chaji, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Dawa ni mzigo. Mwambie azijaze, kisha azime umeme wa gridi na kukata paneli. Hapa usimwamini kwa maneno, kwa sababu paneli zikiachwa zimeungwa, ni jua linalobeba mzigo na si betri. Washa hita ya kuchovya ya wati 1,000 kwenye ndoo ya lita 20, na usiguse maji hayo ikiwa imewaka. Pasi haifai, maana hujizima na kujiwasha yenyewe. Wati 1,000 kwa volti 48, ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta, ni kama ampea 23 zinazopita katika kila betri.

Baada ya saa 1, mzigo ukiwa bado unafanya kazi, pima betri moja moja. Betri nzima itakuwa bado juu ya 12.2, na zote 4 zitakaribiana. Ukikuta tatu zina 12.3 na moja ina 11.6, umempata mgonjwa. Endelea hadi saa 2, ukibadilisha maji kabla hayajachemka (zima hita kwanza). Yoyote ikigusa 11.5, simamisha. Kwa muda huo zimetoka Ah 46 tu, hata robo ya kilichoandikwa kwenye kibandiko haijafika.

Mzigo ukiwa bado umewashwa, kagua maungio. Weka mita kwenye kipimo cha milivolti, ncha moja ishike nguzo ya risasi yenyewe, nyingine ishike kichwa cha kebo. Ungio safi litaonyesha milivolti chache tu. Likionyesha 100, kuna kutu, nati iliyolegea au kichwa kilichobanwa kwa nyundo. Kwa ampea 23 hutaona kitu kwa macho, lakini inveta ikivuta ampea 100, ungio hilo hilo litapoteza wati zaidi ya 40 kwa joto, mahali padogo kama kidole gumba. Ndiyo maana utakuta plastiki pembeni ya nguzo imeyeyuka na watu wakalaumu betri.

Inveta yenyewe ni rahisi kuliko hayo. Soma wati kwenye kibati chake, kwani KVA 5 nyingi hutoa wati 4,000, kisha ipe wati 3,000 kwa dakika 15. Feni izunguke, isizime, isitoe harufu ya kuungua. Jaribio hili lifanye baada ya kuona betri zimepita, la sivyo utailaumu inveta bure.

Sasa huyo wa "kuhuisha". Kufungua betri iliyofungwa na kuisindilia maji au chumvi ni utapeli wa kuifanya ionekane nzima hadi siku ya kuuza, na bamba lililomomonyoka halirudi. Mwenzake ni yule atakayekwambia, "Moja ikiwa mbovu, badilisha hiyo moja tu." Mpya ikiungwa na tatu zilizochoka, kila siku zile tatu zitaisha kabla yake. Na ukiiacha mbovu humo ndani ni balaa zaidi. Chaja inaona jumla tu, volti 57.6, yaani 14.4 kwa kila betri. Seli moja ikifa, betri hiyo inakwama kwenye 12.4, na zile 3 nzima zinagawana 45.2 iliyobaki, volti 15 na kidogo kila moja. Kwa volti hizo zinachemka ndani kwa ndani, zinavimba na kukauka, na maji ya kuongeza hayaingii.

Muuzaji akikataa kukuachia saa hizo 2 za mzigo, mwambie utanunua inveta peke yake, betri azipeleke kwa wanaonunua risasi kwa kilo.