Mnalaumu mpishi bure (au nusu bure)

Swali la wiki: "Mgonjwa wenu akirudi nyumbani kutoka kwenye kemo ya saratani, mnampikia nini ili asitapike?"

Mi naona tuanze na saa ya kidonge, sufuria baadae. Sisi huku Ujiji mgonjwa anapigwa dripu Mwanza, analala kwa ndugu, kesho yake basi mpaka Kigoma, anafika yuko hoi. Sasa kuna dawa za kemo ambazo kichefuchefu chake kinaendelea hata baada ya masaa 24 kupita, na siku ya 2 na ya 3 ndo kinapamba moto, yaani kinamkuta ameshafika kwake, ameshaonja chakula cha nyumbani, basi kesi yote anabebeshwa aliyepika.

Mamdogo wangu alikuwa na saratani ya titi, anapewa ile dawa nyekundu pamoja na nyingine, na zile zikikaa pamoja zinatapisha kweli kweli. Alirudi na bahasha zake: ondansetroni ya miligramu 8 asubuhi na jioni, deksamethazoni asubuhi (hiyo ukinywa usiku usingizi unaruka), na metoklopramaidi ya miligramu 10 mara 3 kwa siku. Juu ya bahasha wameandika 1x3 basi, hakuna aliyemwambia kwamba hii ya mwisho inywewe nusu saa kabla ya kula. Na bibi nyumbani msimamo wake unajulikana, dawa hainywewi tumbo tupu. Kwahiyo anakula, anameza, vinatoka vyote pamoja. Ile ondansetroni nayo mamdogo akawa anaitunza eti "leo sijisikii vibaya, ngoja niiweke akiba", wakati zile siku za mwanzo unakunywa kwa saa uliyopangiwa hata kama uko mzima, kichefuchefu kikishapanda kidonge chenyewe hakikai tumboni.

Siku ya 3 sasa, shangazi kaja kutoka Kibirizi na migebuka mibichi kabisa, kwa mapenzi yake, maana mamdogo alikuwa anaipenda kuliko nyama. Kawasha jiko la mkaa uani, chini ya dirisha la mgonjwa kabisa, kamimina mawese, na mnayajua mawese yakishika moto, harufu inafika mpaka kwa jirani. Mamdogo akaanza kutapika hajaona hata sahani. Shangazi akajua kachukiwa, akalia, bibi akasema ni jicho la mtu, wifi anasema ni mimba (mama wa miaka 50 na!), mjomba anataka aletewe soda, watu wamejaa chumbani na mafuta yao ya nywele na pafyumu, yule mtu anaziba pua kwa khanga hana pa kukimbilia. Mpaka binti yake kidato cha tatu akawatoa watu wote nje, akafungua dirisha la upande wa pili, jiko likahamishiwa nyuma ya choo huko.

Dripu iliyofuata binti akaweka alamu kwenye simu. Kutapika kukapungua sana, na hapo nikasema si mnaona, ni saa tu! Lakini kuwa mkweli, kichefuchefu chenyewe hakikuondoka. Vidonge vinazuia kutapika vizuri kuliko vinavyozuia ule moyo kuchafuka. Kilichomfanya ale ni vitu vya baridi, maana chakula kikipoa harufu haipandi: mtindi wa friji, kiazi kitamu kilichopoa, uji mwepesi uliopoa kwenye kikombe cha mfuniko anavuta kwa mrija. Anapewa kwenye kisosi, vijiko vichache, baada ya masaa mawili tena, na maji anakunywa katikati sio pamoja na chakula. Migebuka waliificha siku zile mbaya, maana ukitapikia kitu unachokipenda unaweza kukichukia moja kwa moja.

Kwahiyo nimeanza kwa kumtetea mpishi na sasa hivi ukinibana nichague kimoja nitasema hamisha jiko. Ila hiyo ni kwa mgonjwa ambaye vidonge anavyo na anavinywa kwa wakati, asiye navyo hata ukipikia Burundi atatapika. Na baridi simaanishi kiporo kilicholala mezani umeme umekatika, kemo inashusha kinga, chakula kikae kwenye friji au kipikwe leo leo kipozwe kimefunikwa, na maji yawe ya kuchemsha. Ondansetroni nayo inafunga choo, na tumbo likifunga kichefuchefu kinarudi upya, mkakipa majina mengine.

Akishindwa kubakiza hata maji siku nzima, au mkojo ukawa kidogo na mweusi, au homa ikafika 38, hapo habari ya jiko iacheni, mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku.