Ukifungua kamusi ya visawe, usichukue neno la kwanza

Ninyi mnaoanza kuandika habari hapa Tanga, iwe za redio au za gazeti, kuna sentensi moja ya mazoezi ambayo huwa nampa kila anayeletwa nimfundishe kazi. Tukio lake ni la kubuni. Nimeliweka pale Deep Sea kwa sababu kila mtu mjini anajua kuwa boti hushusha samaki huko:

"Mashine ya barafu iliharibika tangu Jumatatu, samaki wengi wakaharibika, na biashara ya wachuuzi ikaharibika."

Kazi ni kuinyoosha. Neno moja limetumika mara tatu na sikio linachoka. Mwanafunzi hufungua kamusi ya visawe, hutafuta haribika, huchukua neno lililo juu ya orodha na kulipachika katikati. Inatoka hivi: "samaki wengi wakaangamia."

Isome kwa sauti kama mtangazaji, halafu msikilize mtu wa Pangani au Mkinga akiipokea. Atauliza ni sumu gani iliyomwagwa baharini, au kama wale wavuvi wa baruti wamerudi. Ameelewa kwamba samaki walikuwa hai na sasa wamekufa kwa wingi. Ninyi mlitaka kusema kwamba samaki waliokwisha kuvuliwa, wakalala kwenye matenga bila barafu, hawafai tena kuliwa. Habari imegeuka kuwa nyingine, na kilichobadilishwa ni kitenzi kimoja tu.

Angamia ni kitenzi cha kitu chenye uhai, au cha kitu kizima ambacho kupotea kwake ni msiba: watu wa jahazi lililozama, mji uliopigwa na tetemeko, kizazi kilichokumbwa na tauni. Samaki aliye kwenye tenga ameshakufa, hana tena cha kuangamia. Lakini kamusi haikukosea kuliweka neno hilo chini ya haribika. Kuna maana ya haribika ambayo angamia huikaribia, kama tunaposema maisha ya mtu yameharibika au nchi imeharibika kwa vita. Kamusi imewajibu kuhusu neno lote na matumizi yake yote. Swali lenu lilihusu tumizi moja tu, lile la samaki.

Na kwa nini angamia liwe la kwanza? Kwa sababu linaanza na A. Panga kialfabeti angamia, bomoka, chakaa, oza na vunda, na oza, ambalo ndilo mlilolihitaji, litakuwa karibu na mkia. Watu wengi hudhani neno la kwanza ndilo lililo karibu zaidi kimaana, kwamba mtungaji alilipa cheo. Katika orodha ya alfabeti hakuna cheo. Hata pale mtungaji anapopanga kwa ukaribu wa maana, huwa amepima ukaribu huo kwa maana iliyozoeleka zaidi ya neno, na sentensi yako huenda inatumia ile ya tatu. Peter Mark Roget, aliyetoa kamusi yake maarufu ya Kiingereza mwaka 1852, hakuyapanga maneno kwa alfabeti. Alikusanya maneno kwa mafungu ya dhana, ili mwenye wazo kichwani aende kwenye fungu la wazo hilo kutafuta neno. Mnaweza kuiga mwendo huo hata kwa kamusi ya alfabeti: anzeni na wazo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kamusi, andika pembeni kwa maneno ya kawaida kile hasa kilichotokea. Fanya hivyo mara tatu, kwa haribika zote tatu. Mashine: ilikuwa inafanya kazi, ikaacha. Samaki: walianza kunuka, hakuna anayewanunua. Biashara: hakuna cha kuuza kwa siku kadhaa. Ukishaandika hivyo unaona kwamba haribika zilikuwa maneno matatu yaliyovaa nguo moja, na hakuna kisawe kimoja kitakachozitosha zote.

Sasa soma orodha mpaka mwisho, ukiwa na samaki peke yao mawazoni. Bomoka ni la ukuta au daraja. Chakaa ni la nguo, kiatu, gari, kitu kinacholiwa na matumizi. Yanabaki oza na vunda. Kuna pia chacha, ambalo halikosi kumvutia mgeni kwa kuwa nalo ni la chakula. Lakini chacha ni la chakula kilichopikwa kikalala, kama wali wa jana au mchuzi wa nazi uliosahauliwa jikoni. Samaki mbichi hasemwi amechacha. Tena hapa mwambao chacha ina kazi nyingine: bahari ikiwa na mawimbi makubwa tunasema imechacha. Ukiandika samaki na bahari na chacha katika aya moja, mvuvi wa Sahare atalipeleka neno hilo baharini kabla halijafika kwenye tenga.

Kati ya oza na vunda, vunda lina harufu zaidi ndani yake. Oza hutosha kwa taarifa. Hata hivyo, kabla ya kuliandika, kuna swali ambalo kamusi haiwezi kulijibu: je, ni kweli wameoza? Samaki aliyekosa barafu hupita hatua kadhaa. Jicho linadidimia, mashavu yanapoteza wekundu, nyama inalegea na kidole kikibonyeza hairudi. Katika hatua hizo mchuuzi bado anaweza kumuuza kwa bei ya kutupa, au kumpasua na kumtia chumvi awe ng'onda. Ukiandika "wakaoza" ilhali wengine waliishia kuwa ng'onda, umemdhulumu mchuuzi aliyeokoa mali yake. Haribika lilikuwa pana kiasi cha kuficha kwamba mwandishi hakuuliza. Hii ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote katika kutafuta visawe kwa utulivu: neno mahususi hukudai habari mahususi, nawe unalazimika kurudi kwa mtu na swali.

Ndivyo ilivyo kwa mashine pia. Mashine huzimika, hugoma, hufa. Zimika inaweza kuwa umeme umekatika, na mashine yenyewe ni nzima. Goma ni la mazungumzo, na maana yake ni kwamba inawashwa haiwaki. Ikiwa mota imeungua, andika kwamba mota imeungua, maana hapo hata kisawe hukihitaji.

Biashara nayo ina mtego wake. Wengi wataruka kwenye zorota, na ni kweli kwamba biashara na zorota huandamana. Lakini zorota ni kushuka kidogo kidogo, kwa miezi au miaka. Kati ya Jumatatu na Alhamisi biashara haiwezi kuzorota. Inaweza kusimama au kukwama. Sentensi yangu hutoka hivi:

"Mota ya mashine ya barafu iliungua Jumatatu. Samaki waliokosa barafu wakaoza, na wachuuzi wakakaa bila cha kuuza."

Haribika imetoweka mara zote tatu, na kati ya maneno yaliyochukua nafasi yake ni oza peke yake lililotoka kwenye orodha. Mengine yalitoka kwenye kile tulichoandika pembeni.

Mkishachagua neno, lipimeni kwa njia hii. Litafuteni lenyewe kama kidahizo, yaani neno lenye orodha yake, katika kamusi ya visawe, muone linaambatana na akina nani. Ukifungua angamia unatarajia kukuta hiliki, teketea, potea. Hakuna hata moja la chakula kilichokaa muda mrefu, basi ujue umeingia nyumba ya watu wengine. Kisha lifungueni katika kamusi ya kawaida yenye fasili na mifano ya sentensi, kwa sababu kamusi ya visawe mara nyingi haisemi neno hutumiwa wapi, na nani, na kwa jambo gani.

Hilo la wapi na nani linahitaji neno zaidi. Chini ya kubwa utakuta adhimu, na kwa alfabeti litatangulia. Siku adhimu, fursa adhimu, hayo ni sawa. Papa adhimu hakuna. Adhimu ni ukubwa wa heshima, si wa kilo. Chini ya saidia utakuta auni. Katika dua na katika ushairi linakaa vizuri sana, na wazee wetu wa Tanga hulisikia kwa raha. Lakini "halmashauri iliwaauni wavuvi" katika taarifa ya saa moja asubuhi itamfanya msikilizaji asimame kwenye neno na habari impite. Yako pia maneno ya lahaja, ya Kimvita au ya Kimtang'ata chetu, ambayo huweza kuwekwa kwenye orodha bila alama yoyote. Yapendeni, ila yatumieni pale mnapojua nani anasikiliza.

Sarufi nayo hubadilika pamoja na neno. "Tatizo la barafu limewaumiza wachuuzi, nalo lisipotatuliwa..." Ukiweka shida mahali pa tatizo, basi la huwa ya, lime huwa ime, nalo huwa nayo, lisipo huwa isipo. Anayebadilisha nomino peke yake huacha "shida limewaumiza", na kosa hilo huonekana kwa haraka kuliko marudio aliyokuwa akiyakimbia. Baada ya kila badiliko fuata sentensi mpaka nukta, kisha uingie inayofuata, kwa kuwa kiambishi cha nomino ile huenda bado kinafanya kazi huko.

Na si kila marudio ni ya kukimbiwa. Katika habari ya wavuvi nimeshaona wavuvi wa aya ya kwanza wakiwa mabaharia katika ya pili na manahodha katika ya tatu. Msomaji anahesabu makundi matatu ya watu. Baharia anaweza kuwa wa meli ya mizigo iliyotia nanga bandarini, asiyewahi kushika wavu maishani mwake. Nahodha ni mmoja katika chombo. Waacheni wavuvi wawe wavuvi. Mkiona jina linajirudia mno, tazameni kwanza kama mnalihitaji: Kiswahili hubeba mtenda ndani ya kitenzi. "Wavuvi walirudi alfajiri. Walikuta mashine imezimwa, wakapakua samaki hivyo hivyo." Sentensi ya pili haina nomino ya wavuvi wala kisawe chake, na hakuna atakayeuliza ni akina nani waliopakua.