Kijana hapendi shule? Usilipe ada ya chuo kabla hajakaa kwa fundi

"Wadau, kijana wangu yuko kidato cha tatu, shule haimwingii kabisa, anachopenda ni kufungua simu tu. Kuna chuo wameniambia anaingia diploma ya kompyuta moja kwa moja bila cheti cha kidato cha nne. Nalipa nusu ada wiki hii. Nimwachishe shule? Na niongee naye vipi ili nijue kipaji chake?"

Mkuu, hiyo hela usiitoe. Salamu baadaye.

Hao watu nawajua, si kwa majina, kwa mdomo. Mimi kijana wangu alikuwa wa hivyo hivyo: simu zote za nyumbani amezifungua, daftari la hesabu jeupe kama limetoka dukani. Shemeji yangu, Mungu amsamehe maana mimi bado, akaniletea dalali wa chuo. Shati limepigwa pasi, begi la kompyuta begani (sijui ndani kulikuwa na kompyuta au chapati). Akaniambia, "Mzee, huyu mtoto ni wa teknolojia, shule inamchelewesha." Nikalipa. Nililipa kama mtu anayenunua kiwanja kwa picha.

Chuo kilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la mabati. Kompyuta zipo, zinatumika kwa zamu. Kumbe usajili walionao ulikuwa wa kozi fupi za ufundi, na hiyo "diploma" walijiandikia wenyewe. Hapa ndipo wazazi wengi tunapopigwa, kwa sababu dalali akikuonyesha karatasi ya usajili unaona muhuri, unatulia. Chuo kusajiliwa ni jambo moja, kozi hiyo hiyo unayoilipia kuwa na ithibati ni jambo lingine. Ingia tovuti ya NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, tafuta jina la chuo, kisha tafuta kozi yenyewe. Kama unaona uvivu, muulize dalali swali moja tu: naomba niongee na mhitimu wenu wa diploma aliyepata AVN. Hiyo ni namba ya uhakiki wa tuzo ambayo mhitimu wa diploma anaiomba NACTVET akitaka kwenda chuo kikuu. Dalali wangu alipoulizwa alisema mfumo uko chini. Mfumo gani, baba? Wewe ndiye uliye chini.

Na hilo la "bila cheti cha kidato cha nne" ni uongo mtupu. Njia ya kawaida ya kuingia ngazi ya cheti, kabla hata ya diploma, ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ya dini hayahesabiwi. Ufaulu maana yake kuanzia D, na D inaanzia alama 30. Zipo kozi zinazotaka zaidi, hasa za afya, lakini wewe hata kabla hujauliza nimwachishe shule au la, angalia hapo: mtoto wako hahitaji kuwa wa kwanza darasani, anahitaji D nne. Amebakiza mwaka na kitu. Mwache amalize, punguza kelele za "kwa nini si A", msaidie masomo manne yanayomwendea angalau kidogo. Wangu nilimtoa, akaja kurudi kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, amewapita wenzie kimo. Sitaki kulizungumzia sana hilo.

Ila hela haikuniuma kama kosa lililo chini yake. Nilimwona anafungua simu, nikahitimisha kompyuta. Nani kaniambia? Hakuna. Baada ya chuo kile kufa alikuwa analala tu mpaka mchana, mama yake akachoka, akampeleka kwa fundi majokofu Tandika, jirani wa zamani, "akae tu asilale". Mimi nilinuna. Friji tena, baada ya ada yote ile?

Siku moja nikapitia pale. Kulikuwa na friza la muuza juisi, fundi mwingine alikuwa ameshaliongeza gesi na bado linapoteza ubaridi. Kijana amelala kifudifudi nyuma yake na tochi ya simu. Akamwita fundi: "Mzee, hapa bomba lina mafuta na vumbi limeganda, kwingine pakavu." Fundi akampa povu la sabuni na brashi. Akapaka kwenye kiungo karibu na filta, tukasubiri, vikaanza kutoka viputo vidogo vidogo. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo panapovuja gesi panaacha doa. Hakuna aliyemfundisha darasani, aliliona. Yule fundi wa kwanza alikuwa anaongeza gesi kwenye ndoo iliyotoboka.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba mtoto hakuwa anapenda simu. Alikuwa anapenda kujua kitu kilichokufa kimekufa kwa nini. Wa kompyuta na wa friji wanaweza kufanana kwa mbali, lakini mmoja atakaa kwenye kiti siku nzima na mwingine atakufa kwa kuchoka. Wako sijui ni yupi, na wewe hujui, na dalali ndiyo kabisa.

Basi kanuni yangu ni hiyo moja: fundi kwanza, ada baadaye. Likizo ya Juni mpeleke kwa fundi simu, ikiisha bila yeye kukolea, likizo ya Desemba kwa fundi mwingine kabisa. Mtafutie mwenye wateja na mdomo wa kueleza, mpe fundi kitu kidogo kwa usumbufu, na mkubaliane mtoto si wa kutumwa chai. Kama ni majokofu, sema mapema asishike moto wa kuchomelea: friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, na hiyo inawaka. Wewe usimuulize kila jioni "umeipenda?" Angalia kama anarudi kesho baada ya siku chafu, angalia anauliza nini akila, na muulize fundi kazi gani ameanza kumwachia peke yake. Wangu, aliyekimbia hesabu, nilimkuta anapima gesi kwa mizani akifuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma.

Ikishajulikana, ndipo ada. VETA wana kozi ndefu za majokofu na viyoyozi, umeme, magari na nyingine, na cheti chao kina ngazi, NVA ya 1 hadi ya 3. Fomu huwa zinatoka mwaka unapoelekea mwisho kwa masomo ya Januari, ulizia mapema chuo cha karibu yako kwa sababu si kila kituo kina kila fani. Na kama atakolea kwa fundi mpaka awe fundi kweli, VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti kwa ujuzi alionao. Hilo shemeji yangu hakulijua. Shemeji yangu analijua nini.

Ulivyouliza uongee naye vipi, hapo sina jibu, wangu mpaka leo tunaongea vizuri tukiwa nyuma ya friji tu. Wenye watoto wasemaji watakuja. Dalali akikupigia leo mwambie akutumie ukurasa wa kozi yake kwenye tovuti ya NACTVET, halafu uone kama atapiga tena.