Kinywa Kikikaushwa na Dawa, Angalia Unachomumunya

Mama yangu ana miaka 72, tunaishi naye Tandika, na kila usiku anameza amitriptilini kwa ajili ya miguu inayomwaka moto kutokana na kisukari. Dawa hiyo imemrudishia usingizi, lakini imemkausha mate kiasi kwamba hawezi kumeza mkate mkavu bila kusindikiza na maji. Ili kupoza kinywa, akawa anamumunya ubuyu wa rangi kutwa nzima. Baada ya miezi kadhaa, michirizi ya kahawia ikajitokeza kwenye meno yake, pale jino linapokutana na fizi, na daktari wa meno alipoigusa kwa kifaa chake akakuta pamekuwa laini kama ngozi.

Kuoza kwa namna hiyo kuna sababu yake. Mate huosha sukari, hupunguza makali ya asidi na kulirudishia jino madini yake. Yakipungua, kinywa hukaa na asidi kwa muda mrefu. Kwa mtu mzima ambaye fizi zimeshuka, mzizi wa jino huwa wazi, nao hauna ile ganda ngumu ya juu, hivyo huyeyushwa hata na asidi hafifu. Ubuyu una uchachu na sukari kwa pamoja. Ndimu, ukwaju na pipi, ambazo wengi wetu huzikimbilia kwa kuwa huleta mate haraka, zina madhara ya aina hiyo hiyo.

Badala yake, mama sasa hunywa maji kidogo kidogo na kutafuna chingamu isiyo na sukari baada ya kula. Usiku, wakati ambao mate hupungua zaidi kwa kila mtu, hupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, ile iliyoandikwa 1450 ppm kwenye boksi, kisha hutema povu bila kusukutua, ili floraidi ibaki kwenye meno. Kwa meno yaliyokwisha kuanza kuoza hivi, daktari wa meno anaweza kuandika dawa ya meno yenye floraidi nyingi zaidi.

Nawasihi pia mkusanye dawa zote za mzee, pamoja na zile alizojinunulia dukani, mzipeleke kwa daktari. Katika mfuko wa mama kulikuwa na piritoni ya mafua, ambayo nayo hukausha mate. Hiyo iliondolewa, na kipimo cha amitriptilini kikapunguzwa taratibu. Msiikatishe wenyewe ghafla. Sukari ikiwa juu nayo hukausha kinywa, kwa hiyo ipimwe kabla ya kuilaumu dawa au uzee.

Mkiona utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu, pembe za midomo zilizochanika, au wekundu chini ya meno ya bandia, huenda ni fangasi, ambao hutibika kwa nistatini. Meno ya bandia yasafishwe na yavuliwe wakati wa kulala.