Eksrei Safi, Mguu Mgonjwa: Kwa Intani wa Wodi ya Watoto

Kwenye raundi nimeisikia tena: "Mtoto ana homa, hakanyagi mguu, lakini eksrei iko safi, tukamruhusu." Jamani. Nawapenda, ndiyo maana nawagombeza kwa maandishi badala ya kuwaumbua mbele ya wazazi.

1. Eksrei safi siku ya tatu haijakujibu chochote kuhusu osteomielitisi. Imekuambia tu kwamba huoni mvunjiko.

Nimelijua hili kwa njia mbaya. Nilipokuwa intani nililetewa mtoto wa kiume wa miaka sita, alianguka akicheza mpira, halafu usiku wa pili akaanza kuchemka. Joto 38.9, anachechemea, analia ukigusa chini ya goti la kushoto. Nikaagiza eksrei, nikaikagua kwenye kioo cha taa kwa makini kabisa: mfupa umenyooka, kingo zake laini. Homa nikaisingizia malaria, ingawa kipimo kilikuwa hasi. Nikaandika "jeraha la misuli", nikampa parasetamo. Mama yake akaniuliza, "Dokta, mbona anakataa kabisa kuukanyaga?" Nikamjibu kwamba watoto huogopa maumivu. Jibu hilo bado linanichoma kuliko ile eksrei.

Alirudi siku ya kumi na mbili tangu aanze kuumwa. Mguu umevimba, unang'aa, na safari hii hata mlinzi wa getini angeiona shida kwenye picha: utando wa nje wa mfupa umeinuka na kutengeneza mstari mpya pembeni ya tibia, na sehemu ya juu ya mfupa ina vitobo vitobo. Tulipofungua, usaha ulitoka kwa wingi. Baadaye kipande cha mfupa kilikufa ndani, akarudishwa tena thieta kukitoa.

Ilikuwaje siku ya tatu nisione kitu? Bakteria, mara nyingi Stafilokokasi, husafiri kwa damu na kutua kwenye metafisisi, pale karibu na bamba la ukuaji, ambapo mishipa midogo hupinda na damu hutembea polepole. Kwanza uboho huvimba na kujaa maji, kisha usaha. Eksrei inaonyesha madini, na madini bado yapo. Ni kama mchwa kwenye fremu ya mlango: rangi ya nje haijaguswa. Mfupa unapaswa kupoteza takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini ndipo tundu lionekane, na hilo huchukua siku 10 hadi 14. Utando ulioinuka huonekana mapema kidogo, kati ya siku ya 7 na ya 10. Kabla ya hapo, ukibahatika, utaona tu nyama zimevimba karibu na mfupa, nami sikuziangalia kwa sababu nilikuwa natafuta mvunjiko.

MRI haisubiri madini yaondoke, kwani inasoma maji na mafuta ya uboho. Ndani ya siku mbili hadi tano za mwanzo, sehemu iliyougua hufifia kwenye T1 na kung'aa kwenye STIR. Inaonyesha pia kama kuna jipu chini ya utando au kama kiungo cha jirani kimeingiliwa, na hayo ndiyo daktari wa upasuaji anayotaka kujua.

2. Usiache kupiga eksrei, maana mvunjiko na uvimbe wa saratani unavitafuta kwayo. Halafu bonyeza metafisisi kwa kidole kimoja, taratibu. Yule mtoto alikuwa na sehemu moja tu ambayo ukiibonyeza anaruka kwa maumivu.

3. Pima CRP. Inapanda ndani ya saa chache, ESR inachelewa. Kwenye fomu ya MRI andika "homa, hakanyagi, maumivu ya metafisisi", si "mguu unauma", la sivyo utaletewa picha za goti tu.

4. MRI nayo ina mipaka yake. Uboho uliojaa maji unaweza kuwa pigo au saratani. Kwa mwenye selimundu, mfupa uliokosa damu unafanana sana na wenye maambukizi. Hapo kumbuka Salmonela pia, kloksasilini peke yake haitoshi.

5. Mashine ipo mji mwingine? Usimuweke mtoto akisubiri rufaa. Chukua damu ya kuotesha, mwombe mwenzako wa ultrasaundi atafute usaha chini ya utando, uvutwe kwa sindano ukiwepo, kisha anzisha antibiotiki ya mshipani siku hiyo hiyo. Mtoto ambaye maambukizi yameshaenea kwenye damu, mwenye homa kali na mapigo ya kasi, aanze dawa mara tu damu ikishachukuliwa. Na ukimruhusu mtoto yeyote anayechechemea, mpangie arudi kesho yake, umbonyeze tena pale pale.