Ufunguo wa k bila kupita mti mzima

> wakuu nataka ufunguo wa k kwa udogo kwenye mti wa kutafutia, kuhesabu moja moja ni slo

Kila nodi iwekee `size`, yaani idadi ya nodi za chini yake pamoja na yenyewe. Ukifika kwenye nodi, r ni `size` ya kushoto + 1: k ikilingana na r umeipata, ikiwa ndogo shuka kushoto na k ileile, ikiwa kubwa shuka kulia ila toa r kwenye k, hapo ndo wengi wanachemsha. Mfano mzizi 40, kushoto nodi 3, unataka ya 6: r ni 4, kwahiyo kulia unatafuta ya 2.

Ukizungusha nodi, piga upya `size` ya iliyoshuka kwanza, ndo ya iliyopanda. Na ukiingiza ufunguo uliopo tayari usiongeze `size` njiani, mi ilinisumbua siku mbili.