Kabla hujaandika kwamba riba imeshuka, kwa hiyo viwanda vitajengwa

Wadogo zangu wa dawati la uchambuzi, kila benki kuu ikishusha riba naletewa rasimu zenye sentensi ile ile: hisa zimepanda, q imevuka 1, kampuni zitawekeza. Hiyo q ni thamani ya kampuni sokoni, juu ya mstari, ikigawanywa kwa gharama ya kujenga na kununua upya mali yake, chini ya mstari. Mnyororo huo ni wa kweli, na mchumi James Tobin aliuweka wazi mwaka 1969. Kinachonikera ni hesabu mnayoitundika chini yake, kwa sababu makosa yake ni yale yale waliyofanya waliowatangulia.

1. Anzeni na kampuni moja, si na soko zima. Chukueni kampuni inayobakiza milioni 10 kila mwaka baada ya kufidia uchakavu, na tuchukulie itaendelea hivyo siku zote. Kujenga na kununua upya kila ilicho nacho, kwa bei za leo, kunagharimu milioni 110. Wawekezaji wakidai faida ya asilimia 10, kampuni ina thamani ya milioni 100 sokoni, na q ni 0.91. Hapo anayetaka kiwanda cha aina hiyo atapata nafuu akiinunua kampuni iliyopo kuliko kujenga. Riba ikishuka na faida wanayodai ikaifuata hadi asilimia 8, thamani inakuwa milioni 125 na q inafika 1.14. Sasa kila mtambo mpya wa aina ile ile unathaminiwa sokoni zaidi ya bei yake dukani, na kampuni inaweza kuuza hisa ili iununue bila kuwapunja wenye hisa wa zamani.

2. Chini ya mstari weka gharama ya leo. Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Juzi kijana mmoja hodari, ambaye uandishi wake naupenda, alichukua thamani ya mali kutoka kwenye mizania. Mitambo ilinunuliwa zamani, mfumuko wa bei umepita juu yake, na uchakavu umekatwa mwaka hadi mwaka. Tuseme kwenye kampuni yetu vitabu vinaonyesha milioni 50. Kabla riba haijashuka, q yake ingekuwa 2, nayo ikitangaza kwamba kampuni ina kila sababu ya kujenga, wakati q halisi ni 0.91 na haina sababu hata moja. Kosa hilo halikuzi tu namba, linageuza jibu. Akaja mwenzake akakosea upande wa pili: juu ya mstari aliweka hisa peke yake, akasahau madeni. Kama milioni 40 kati ya zile 100 ni hatifungani na mikopo, yeye anapata 0.55, na kampuni inayokaribia 1 inaonekana mahututi. Mtaji umenunuliwa kwa fedha za wenye hisa na za wakopeshaji, basi wote wawili wahesabiwe. Dalili ya kosa la kwanza ni rahisi: ukiona kampuni kongwe zote zina q kubwa na changa zote ndogo, umepima umri wa mitambo.

3. Uamuzi wa kuwekeza unahusu mtambo unaofuata. q tunayoiona sokoni ni ya wastani wa mtaji wote uliopo. Fumio Hayashi alionyesha mwaka 1982 kwamba wastani huo unalingana na q ya mtambo wa nyongeza pale tu kampuni isipokuwa na nguvu ya kupanga bei na ukubwa usipobadilisha tija. Kampuni yetu ikiwa imeshalijaza soko lake, mtambo mpya wa milioni 11 unaweza kuongeza laki 7 tu kwa mwaka. Kwa asilimia 8 hizo ni milioni 8.75, yaani q ya 0.80. Bei ya hisa iko juu, wastani ni 1.14, na hakuna atakayechimba msingi. Ndiyo maana kampuni zenye ukiritimba hukaa na q kubwa miaka mingi bila kupanuka.

4. Ulizeni riba imeshushwa kwa nini. Ikiwa benki kuu imeona mauzo yanadorora, na ile milioni 10 inaelekea kuwa 8, basi 8 kwa asilimia 8 inarudi milioni 100, na q inabaki 0.91 kana kwamba hakuna kilichotokea. Tena riba ya benki kuu ni ya muda mfupi. Faida wanayodai wenye hisa inafuata riba za muda mrefu pamoja na fidia ya hatari, na hiyo fidia huweza kupanda siku ile ile. Punguzo lililotarajiwa huwa limeshaingia kwenye bei kabla ya kutangazwa.

5. Msitegemee uwekezaji uonekane robo mwaka inayofuata. Kuagiza mitambo, kuifunga na kufundisha watu kuna gharama na muda wake, na tafiti nyingi zimekuta uwekezaji ukiitikia q polepole na kwa kiasi kidogo. Katika rasimu inayofuata nitaangalia kwanza maagizo ya mitambo, kisha bei za hisa.